Mwombaji wa Wete anauliza kuhusu kazi ya nyumbani na saa za kazi: nimjibu vipi?

Karani wa Shangani: Assalaam alaykum. Ofisi yetu hupokea maombi ya vyumba vya hoteli kutoka kwa wakala wa Ujerumani. Tumetangaza nafasi moja, tukaandika tu kwamba kazi inaweza kufanywa nyumbani, 9:00 hadi 17:00, Jumatatu hadi Ijumaa. Dada mmoja wa Wete ameniandikia kabla hajaomba, akiuliza kama atabaki Pemba moja kwa moja na kama saa hizo ni za huku au za kule. Meneja anataka nimjibu kuwa saa hutegemea mahitaji. Naona hilo si jibu.

Makame: Sheria inaruhusu saa 45 kwa wiki. Mwandikie hivyo, yamekwisha.

Bi Time: Makame, hizo 45 ni za sheria ya Bara ya 2004, Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Tena dada hakuuliza ukomo, ameuliza atakuwa kazini wakati gani.

Karani, ikiwa saa ni za Ujerumani, mwandikie kwa saa zetu, kwa maneno. Majira ya baridi wao wako nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo ataanza saa tano asubuhi na kumaliza saa moja usiku. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti ni saa moja tu, naye atafanya kazi kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa sasa Ramadhani huangukia katika kipindi cha baridi, maana yake adhana ya magharibi itamkuta kwenye simu ya mgeni. Mwambie leo nani atampokea zamu wakati wa kufuturu. Akija kuligundua mwenyewe mwezi wenyewe umeingia, mtampoteza.

Kuhusu kubaki Pemba, kinachoficha mambo ni hilo neno "inaweza". Je, mafunzo ni Unguja? Wiki ngapi, na nauli ya boti na malazi ni juu ya nani?

Kijana wa Chake: Mimi niko tayari hata kesho, nitume vyeti wapi? Kazi yangu ya mwanzo ya nyumbani umeme ulikatika mchana kutwa, nikakatwa ujira wa siku.

Bi Time: Mwanangu, anayeuliza hapa ni mwajiri. Lakini umegusa jambo.

Karani wa Shangani: Ahsanteni. Saa ni za Ujerumani. Mafunzo ni wiki mbili hapa mjini na nauli tunalipa. Malazi hatujawahi kuyazungumza. Futari nitampangia mwenzake wa zamu. La umeme meneja anasema mfanyakazi afidie saa zilizopotea, mimi sikubaliani naye, kwa hiyo nitamwandikia dada kwamba halijaamuliwa.

Makame: Ukimwambia halijaamuliwa, hataomba.

Bi Time: Huenda. Mwandikie hivyo hivyo.