Naomba ushauri: saga imefuta oda, lakini pesa ya mteja imekatwa

Wakuu, oda yetu inapita huduma tatu, kila moja na hifadhidata yake: ghala linashikilia bidhaa, malipo yanakata pesa, kisha usafirishaji. Mratibu wa saga anaziita kwa zamu. Hatua ikifeli, anafidia zilizotangulia kwa kurudi nyuma.

Kinachonisumbua ni malipo. Mratibu husubiri sekunde 5, jibu lisipokuja anahesabu kuwa imefeli na kutuma ombi la kurudisha pesa. Sasa ombi la kukata likiwa bado limekwama kwenye foleni, la kurudisha hulitangulia. Huduma ya malipo haioni cha kurudisha, inajibu "sawa", bidhaa inaachiwa. Kisha ombi la kwanza linafika na pesa inakatwa! Ukikagua unakuta `CANCELLED` upande wa oda na `CHARGED` upande wa malipo, kwa `saga_id` ileile.

Nawaza hivi: malipo yakipokea ombi la kurudisha pesa ambazo hazijakatwa, yaandike `saga_id` hiyo kuwa imefutwa, na ombi la kukata likija baadaye likataliwe. Hapo `saga_id` lazima iwe ya kipekee kwenye jedwali, maana maombi yote mawili yanaweza kufika kwa pamoja.

Au ukimya usihesabiwe kuwa ni kufeli, mratibu arudie ombi kwa ufunguo uleule hadi ajibiwe? Naipenda zaidi hii, ila bidhaa inabaki imeshikiliwa muda wote huo.

Mliopitia haya, mnatumia ipi, au zote? Na alama za saga zilizofutwa mnazitunza kwa muda gani?