Kipindi cha redio kila wiki au sauti za Wasapu: wakulima wataniamini kwa lipi?

ChapaShamba:
Wakuu, habari za jioni. Nimefungua ofisi ndogo ya ushauri wa kilimo biashara hapa Iringa, huu mwezi wa nne, na wateja wanakuja kwa kudondoka. Nataka kipindi cha kila wiki, watu waizoee sauti yangu kabla hawajaniona. Redio moja ya mjini imenipa nusu saa kwa 100,000 kila kipindi, mkataba wiki 13. Rafiki yangu anasema hiyo ni hela ya kutupa, nirekodi kwa simu nirushe kwenye makundi ya Wasapu. Natakiwa kusaini Ijumaa. Nipeni mawazo, matusi hapana.

Kijiweni:
Ngoja waje.

MzeeWaMawimbi:
Kijana, umetueleza bei ukaacha mengine yote. Wateja wako wanalima nini? Wako kata gani? Ofisi inauza nini hasa, mdomo au kazi? Mimi nimekaa studio miaka mingi, na najua redio inayosikika vizuri stendi inaweza kuwa mkwaruzo mtupu ukiteremka bondeni. Kabla ya kusaini chukua redio ndogo ya betri, panda daladala, ukae kijijini kwa wateja wako saa ileile ya kipindi. Usikubali kuambiwa "tunasikika mikoa mitano".

DogoSauti:
Redio imekufa wakuu. Ukiweka podikasti unaona wamesikiliza wangapi na wameishia dakika ya ngapi. Redio itakupa namba gani? Utalipa 1,300,000 halafu hujui hata kama kuna mtu alikuwa macho.

MamaTenga:
Imekufa kwenu mjini. Mimi redio naitundika kwenye mti napalilia siku nzima, na bando silipi. Simu janja nyumbani ni moja, baba akitoka anatoka nayo. Hizo sauti zenu nitazisikia saa ngapi?

MtuWaMitambo:
Mkuu jiandae, leseni ya TCRA ina mlolongo wake. Mnara, mtambo, mafundi, na jenereta usisahau. Sisi tulikaa muda mrefu sana kabla ya kuwasha.

Kijiweni:
Hajasema anaanzisha redio, ndugu. Anataka nusu saa tu.

MtuWaMitambo:
Ooh. Basi aendelee. Ila jenereta ni muhimu.

ChapaShamba:
Samahani wakuu, nilikuwa shamba. Wateja ni wa nyanya, Ilula na vijiji vya jirani, wachache wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni. Nachukua sampuli za udongo na kutembelea shamba, 50,000 kwa safari moja.

MzeeWaMawimbi:
Sasa tunaongea. Nyanya inakaa kitaluni kama wiki 4, ukihamishia shambani unangoja siku 70 hadi 80 ndipo uanze kuchuma, kutegemea mbegu na baridi. Hesabu mwenyewe: mkataba wa wiki 13 unakwisha mkulima hajachuma hata tenga moja. Utakuwa umeongea msimu mzima ukanyamaza pale ambapo watu wangejua kama ulikuwa sahihi.

Ningekuwa wewe ningetafuta mkulima mmoja anayejulikana Ilula, asiwe ndugu yako wala asiwe tajiri, nikalifuata shamba lake kuanzia siku ya kumwaga mbegu hadi siku ya kuhesabu hela. Kila wiki aongee yeye, wewe umuulize. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ikiingia, isikike imeingia. Ukimshauri kitu kikashindikana, wiki inayofuata useme redioni kwamba kimeshindikana na kwa nini. Watu wanaanza kukuamini hapo, kwa sababu wauza dawa wote wanaongelea mafanikio tu na kila mtu ameshawazoea.

Hiyo inataka wiki 16 au 18. Kwa 16 ni 1,600,000, sawa na safari zako 32, na mafuta ya pikipiki bado hujatoa. Kama huwezi kusubiri hela hiyo irudi msimu wa pili, usisaini.

Na DogoSauti ana hoja kwenye namba. Nunua laini mpya, itajwe kwenye kipindi tu, isiandikwe kwenye kadi wala kibao cha ofisi. Wakulima wabipu, wewe uwapigie. Simu ikiita kwenye laini hiyo unajua imetoka redioni. Wiki ya 6 ikifika wanaobipu ni walewale watatu, kuna tatizo la saa au la masafa.

MshauriMstaafu:
Niongeze langu, maana mimi redio ilinijenga ikanibomoa. Nilikuwa na kipindi kama hicho, mkoa mwingine, nyanya hizohizo. Mwaka wa kwanza nilisikilizwa mpaka kwenye harusi watu wananisalimia kwa sauti. Siku moja mkulima akauliza hewani apande lini apate bei. Nikajibu kwa kujiamini: miezi mitatu ijayo sokoni nyanya itakuwa adimu, panda sasa. Na kwa hali ya siku ile nilikuwa sahihi. Nilichosahau ni kwamba nasikilizwa. Bonde zima lilimwaga mbegu wiki ileile. Zilipoiva ziliiva kwa pamoja, madalali wakaja wakachagua wanavyotaka, nyingine zikabaki zinaozea barabarani. Kuna mama alinipigia kwenye kipindi, hakutukana, akauliza tu, "Mwalimu, na wewe ulipanda?" Sikuwa nimepanda. Nilimaliza mkataba wangu nikiongea na ukuta.

Ndugu yangu, ukiwa ofisini na mteja mmoja unaweza kumwambia panda sasa. Redioni taja bei ya jana ya soko la Ilula na la Dar, basi. Kubashiri mwachie mkulima mwenyewe.

ChapaShamba:
Dah. Hilo sikuwahi kuliwaza. Na kuna duka la pembejeo linataka kunilipia nusu ya gharama, nitaje dawa zao tu.

MamaTenga:
Basi mimi sikusikilizi.

DogoSauti:
Mama, bila mdhamini kipindi kinafia wiki ya tano. Kila kitu kina mdhamini.

MzeeWaMawimbi:
Mdhamini atajwe mwanzoni na mwishoni, ushauri asiuguse. Na kantangaze inazoea dawa ikipigwa ileile kila wiki, inabidi ubadilishe ya kundi jingine. Utabadilishaje kama umelipwa kutaja za duka moja?

DogoSauti:
Sawa, ila Wasapu msiidharau. Akate kipande cha dakika 3 baada ya kipindi, atume. Watu watasambaziana wenyewe.

MshauriMstaafu:
Atume, ila ajitaje jina na tarehe ndani ya sauti yenyewe, mwanzoni. Sauti ikishapita makundi kumi hakuna anayejua imetoka wapi. Yangu ya mvua za mwaka mwingine mpaka leo inazunguka, watu wananipigia kuniuliza mvua gani.

Kijiweni:
Wakati mnaongelea uaminifu, hivi nani aliruhusu tenga la Ilula lijazwe mpaka liwe na kilemba? Mkulima analipwa tenga moja, dalali anauza moja na nusu.

MamaTenga:
Hapo sasa! Mshauri akija kuongelea hilo redioni nitabipu mimi wa kwanza.

Kijiweni:
Akiongelea hilo madalali watamfuata ofisini.

ChapaShamba:
Nimetoka redioni. Wiki 16 wamekubali, ila saa 2 usiku niliyoitaka hakuna nafasi, wananipa Jumamosi saa 4 asubuhi.

MamaTenga:
Saa 4 tuko shambani, redio iko mtini. Mimi sawa.

MzeeWaMawimbi:
Wewe sawa. Wanaume Jumamosi saa 4 wako mnadani au kijiweni, na wanaotoa 50,000 ni wao. Umeshaenda kusikiliza Ilula kama nilivyosema?

ChapaShamba:
Kesho, Mzee. Natafuta redio ya betri ya kuazima.

MtuWaMitambo:
Ninayo moja, nipo Kihesa. Ila antena imevunjika.