Nimesimamishwa kumpigia makofi mtu aliyetatua tiketi TATU. Tatu jamani!!!

MchovuWaTiketi
Wakuu natetemeka kwa hasira, nimetoka kikaoni sasa hivi hata kiti sijakikalia vizuri. Yule mtu wetu wa takwimu (mnamjua, sina haja ya kumtaja, huyo huyo wa kalamu ya leza) kabandika ukutani orodha ya mwezi, timu zote zimepangwa kwa asilimia ya tiketi, yaani shida za wateja, zilizotatuliwa. Namba moja ni timu ambayo mwezi mzima imepokea tiketi 3, ikatatua 3. Asilimia 100, rangi ya kijani, na kakikombe pembeni. Ya pili na ya tatu nazo ni vitimu vya tiketi saba na tano, mia kwa mia vilevile. Sisi tumepokea 412 tukatatua 388, asilimia 94.2, tuko wa nne na rangi yetu ni njano kama mgonjwa wa manjano.

Hayo ningeyameza. Ila akasema tusimame tuwapigie makofi. Nikasimama. Nikapiga. Halafu akanielekezea ile leza kifuani utadhani nawindwa, mbele za watu wote, akasema "nyie wa tiketi nyingi MKAJIFUNZE KWAO". Mkajifunze kwao!!! Nikajifunze nini, kukaa siku kumi bila simu kulia?? Mimi nimejibu watu 412 sauti imekauka nimebaki naongea kama mlango usio na mafuta halafu mkajifunze kwao.

Kibogoyo_Halisi
Hahahaa ila ulipiga makofi. Hapo ndipo uliponiacha hoi.

MchovuWaTiketi
Nilipiga kwa mkono mmoja mkuu, usinikoroge.

MpendaHaki
Mtoa mada punguza wivu. Mia ni mia. Kama wao wametatua zote na wewe umeacha watu 24 wanalia, wa kufundishwa ni nani? Chapa kazi upate mia na wewe.

MchovuWaTiketi
Na huyu naye ATAKUWA NDIYE YEYE, amefungua akaunti.

DadaWaRejista
MpendaHaki ngoja kidogo kaka. Chukua timu ya hovyo kabisa, ambayo kwa kawaida inatatua 80 katika kila 100. Ipe tiketi tatu tu. Nafasi ya kupata zote tatu ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.512. Zaidi ya nusu ya miezi timu hiyo ya hovyo itapata asilimia 100 na kakikombe juu. Sasa ipe tiketi 412 uone kama itapata mia, utasubiri mpaka uzeeke. Kwa hiyo ile mia haikuambii timu ni nzuri, inakuambia tiketi ni chache.

Na mtoa mada, hebu nenda kaangalie mkia wa hiyo orodha. Naomba useme nani wa mwisho.

MchovuWaTiketi
Wa mwisho ni timu ya tiketi 2, wametatua 1. Asilimia 50, nyekundu. Ila dada hilo silo linaloniuma, linaloniuma ni MKAJIFUNZE KWAO

DadaWaRejista
Nilijua. Mimi kazi yangu ni rejista za magonjwa, na huku jambo hili tunalijua siku nyingi. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa saratani ya figo kule Marekani: wilaya zenye viwango vya chini kabisa zilikuwa nyingi ni za vijijini, zenye watu wachache. Mtu anaanza kusema ni hewa safi, ni maisha ya polepole. Halafu unaangalia zenye viwango vya juu kabisa, nazo ni za vijijini zenye watu wachache! Hewa ni ileile. Kwenye watu wachache mgonjwa mmoja akiongezeka kiwango kinaruka mpaka juu, asipokuwepo kinaanguka chini kabisa. Zile kubwa zinabaki katikati kila mwaka. Orodha yoyote ya asilimia isiyotazama idadi, vidogo ndivyo vitakavyoshika kichwa na mkia.

Mkiani_Daima
Mimi ndiye mkia!!! Sio kwa huyo wa leza, kwetu yupo mwingine wa aina yake. Tulipata kesi 2, moja ikakwama kwa sababu mteja mwenyewe alipotea hewani, nikapewa barua ya onyo. Asilimia 50 imeandikwa kwenye barua kwa wino mzito. Mwezi uliofuata tukapata kesi 1, tukaimaliza, mia, nikapongezwa kwa "mabadiliko makubwa ya tabia". Tabia gani jamani. Mtoa mada wewe umepigishwa makofi tu, mimi nina BARUA.

MchovuWaTiketi
Pole ila huu uzi ni wangu.

MtaalamuNusu
Hii mbona nyepesi wakuu. Mwambieni aweke safu ya kosa sanifu, yaani asilimia inaweza kuyumba kiasi gani kwa bahati tu, ikizidi kiwango fulani anaweka alama ya kinyota kwamba asilimia hiyo isiaminiwe. Mimi nafanya kila wiki. Asilimia iko C2 kwa desimali, idadi ya tiketi iko B2:

```
=SQRT(C2*(1-C2)/B2)
```

Kazi imekwisha. Vitimu vyote vitaota vinyota.

MchovuWaTiketi
Nimeijaribu. Timu yangu imetoa 0.0115. Wale wa tiketi tatu wametoa 0. SIFURI. Yaani fomyula yako inasema wale ndio wa kuaminika kuliko wote duniani, unataka nisimamishwe tena??

MtaalamuNusu
Mh. Labda umekosea kujaza seli.

DadaWaRejista
Hajakosea. C2 ikiwa 1, basi 1-C2 ni sifuri, na sifuri ukizidisha na chochote ni sifuri. Hiyo fomyula inapofuka palepale unapoihitaji, kwenye 100 na kwenye 0. Wengi wanaingia mtego huu, wanaweka alama kwa asilimia 60 ya watu kumi halafu 100 ya watu watatu inapita bila kinyota.

Tumia ya Wilson, ni ya tangu 1927. Hii inatoa ukingo wa chini, yaani kwa tiketi hizi chache uwezo wao halisi unaweza kuwa chini hadi wapi:

```
=(C2+1.92/B2-1.96*SQRT(C2*(1-C2)/B2+0.96/B2^2))/(1+3.84/B2)
```

MchovuWaTiketi
Subirini.

Wakuu. WAKUU. Wale wa tatu kwa tatu: 0.439. Sisi: 0.915. Nimechapisha karatasi nzima kwa herufi kubwa nakwenda kuibandika kwenye ile leza yake.

DadaWaRejista
Taratibu, usiisome vibaya. Haisemi wale uwezo wao ni asilimia 44. Inasema kwa tiketi tatu huwezi kukataa kwamba uko chini kiasi hicho, na pia huwezi kukataa kwamba ni wazuri kweli. Nyie mko kati ya 91.5 na 96.1, mnajulikana. Ile timu ya mkiani ya 1 kwa 2 iko kati ya 9.5 na 90.5, maana yake hatujui lolote. Ukipanga orodha kwa ukingo wa chini peke yake, ujue unawaadhibu wadogo kwa udogo wao. Kwa kichwa cha orodha inafaa. Kwa kumwandikia mtu barua ya onyo haifai kabisa, huko tazama ukingo wa juu.

Mkiani_Daima
Screenshot nimeshapiga, inakwenda kwenye rufaa.

BabuWaMezani
Vijana mnajichosha na mafomyula. Sisi tuliweka sheria moja tu, timu yenye tiketi chini ya 30 haiingii kwenye orodha. Tukalala usingizi.

Kibogoyo_Halisi
Na aliyeshika namba moja alikuwa na tiketi ngapi mzee?

BabuWaMezani
33.

Kibogoyo_Halisi
Haya.

BabuWaMezani
Na wa pili 31. Sawa, nimewaelewa. Halafu kulikuwa na timu moja kila mwezi ilikuwa ikiishia 29, sikuwahi kujiuliza.

DadaWaRejista
Mzee hujakosea sana, mpaka wa namna hiyo hata wakubwa wanao. CDC, ile taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, kiwango cha vifo kikitokana na vifo chini ya 20 wanakiandikia kwamba hakiaminiki. Ila angalia, wanahesabu vifo, sio watu. Sehemu inaweza kuwa na watu elfu tano na vifo kumi na vinne, bado inaandikiwa. Na sehemu yenyewe hawaifichi, kiwango tu ndicho kinaondolewa na neno linawekwa mahali pake, msomaji anaona kwamba sehemu ipo. Mimi ningemwambia huyo wa leza: andika "3 kati ya 3" na usiandike asilimia kabisa. Hakuna atakayesimama kupigia makofi "3 kati ya 3".

MtaalamuNusu
Mimi nasema mvute kila timu kuelekea wastani wa wote. Wastani ukiwa 92, unampa kila mtu tiketi 20 za kufikirika, 18.4 zikiwa zimetatuliwa. Wale watatu wanakuwa 21.4 kwa 23, yaani 93.0. Mtoa mada anakuwa 94.1. Mkia unapanda hadi 88.2. Hii sijakosea, nimeikokotoa mara mbili.

DadaWaRejista
Hujakosea. Ila 20 umeitoa wapi?

MtaalamuNusu
Nimeipenda tu.

DadaWaRejista
Ukiweka 5 mambo yanageuka, wale watatu wanakwenda 95.0 wanampita mtoa mada. Kwa hiyo hiyo namba inatakiwa itoke kwenye data zenu, timu zinatofautiana kiasi gani kwa kweli. Tungeweza kubishana mpaka kesho.

MpendaHaki
Sasa timu ndogo ambayo kweli ni nzuri itapata lini haki yake? Miaka yote mtaivuta katikati?

DadaWaRejista
Hapo umeuliza swali la maana. Kujumlisha miezi kumi na miwili kunasaidia, tatu zinakuwa thelathini na kitu. Zaidi ya hapo sina jibu zuri.

NyotaTano
Hamjaona ya mtandaoni. Nimenunua chaja yenye nyota tano kamili, nimeiacha ya 4.6 yenye maoni elfu mbili. Kufika nyumbani haichaji, kurudi kuangalia kumbe hizo nyota tano ni za mtu MMOJA, na jina lake linafanana na la muuzaji.

Kibogoyo_Halisi
Chaja gani, ya kichwa kidogo au kikubwa?

NyotaTano
Kidogo.

MmojaWaWatatu
Samahani, nimesoma uzi wote kimyakimya. Mimi niko kwenye ile timu ya juu. Tiketi moja kati ya zile tatu niliifungua mwenyewe kujaribu kama mfumo unafanya kazi, nikaifunga baada ya dakika mbili.

MchovuWaTiketi
NINI

MmojaWaWatatu
Ila hata ukiitoa bado ni mia.

MchovuWaTiketi
NIMESIMAMA. NIKAPIGA MAKOFI.

NyotaTano
Jamani kwenye chaja kuna mtu anajua fundi?