Meneja wa kiwanda anagomea mradi unaolipa asilimia 20, nishike upande gani?

MtotoWaShangani:
Wakuu, habari za kazi. Kampuni ina kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara. Kwa mwaka kinaleta faida ya milioni 600 juu ya mtaji wa milioni 2,400, yaani asilimia 25, na bonasi ya meneja inafuata asilimia hiyo. Kuna mradi wa mitambo mipya ya milioni 800. Faida yake ni milioni 160 kwa mwaka, uchakavu umeshatolewa, na mitambo itakaa miaka 5. Makao makuu wanahesabu gharama ya mtaji kuwa asilimia 16. Meneja hataki hata kuusikia. Naandaa waraka wa bodi, naombeni ushauri.

Kitangari2:
Meneja yuko sahihi. Jumla ya faida inakuwa 760, mtaji 3,200, unapata asilimia 23.75. Mradi unaoshusha kitengo wa nini?

HesabuNdefu:
Kitangari, hesabu yako ni sawa ila hukumu siyo. Kilichoshuka ni wastani wa meneja, na mwenye mali haishi kwa wastani. Pesa inayomgharimu 16 inamrudishia 20, halafu tunamwambia amepata hasara?

Pima kwa faida baki. Toa kwenye faida asilimia 16 ya mtaji wote. Kabla ya mradi: 600 kutoa 384, inabaki 216. Baada ya mradi: 760 kutoa 512, inabaki 248. Zimeongezeka milioni 32. Bonasi ikifuata namba hii, meneja atauomba mradi mwenyewe.

MamaUfuta_Lindi:
Huku Lindi benki inatutoza zaidi ya 16 kwenye ufuta. Kwa riba hiyo mradi wenu si unakufa?

HesabuNdefu:
Dada, hiyo 16 siyo riba ya benki peke yake, ndani yake kuna mkopo na pesa ya wenye hisa. Lakini umegusa penyewe. Mradi huu unaongeza faida baki mpaka kiwango kikifika 20, hapo nyongeza ni sifuri. Kikipita hapo mradi unaipunguza. Kwa hiyo MtotoWaShangani, waulize makao makuu kama 16 ni ya kampuni nzima au imepimwa kwa hatari ya korosho. Bei ya mnada haitulii, na kiwango kimoja kwa vitengo vyote huwa kinaibeba biashara yenye hatari kubwa.

Stoo_Mikindani:
Mnajadili mitambo, korosho ghafi je? Mitambo ikiongezeka lazima ununue mzigo zaidi minadani kuanzia Oktoba, kisha unaubangua mwaka mzima. Pesa imelala ghalani. Na mkipima mtaji mwishoni mwa Septemba, ghala ni karibu tupu, mtaji unaonekana mdogo na kila mtu anafurahi. Chukueni salio la kila mwezi, mgawe kwa 12.

MtotoWaShangani:
Nimeangalia. Milioni 800 ni mitambo, kuisafirisha na kuifunga tu. Mzigo wa ziada kwa wastani wa miezi 12 ni kama milioni 300.

HesabuNdefu:
Basi picha inabadilika, ahsante Stoo. Mtaji wa mradi ni 1,100 na asilimia 16 yake ni 176. Mwaka wa kwanza faida baki ni 160 kutoa 176, hasi 16. Sasa vipimo vyote viwili vinamwambia meneja akatae.

Usiishie hapo. Uchakavu ni 160 kwa mwaka, kwa hiyo mtaji wa vitabuni unashuka. Mwaka wa pili ni 940, faida baki inakuwa chanya 9.6, kisha 35.2, 60.8 na 86.4. Ukizirudisha zote tano kwenye thamani ya leo kwa asilimia 16, unapata takriban milioni 90. Namba hiyo hiyo utaipata ukihesabu fedha taslimu: zinatoka 1,100 leo, zinaingia 320 kila mwaka, yaani faida 160 ukirudishia uchakavu 160, na ile 300 ya mzigo inarudi mwishoni. Zikipishana, kuna kosa kwenye jedwali lako. Waraka uoneshe miaka yote 5.

Kitangari2:
Hapo nakubali mradi unalipa. Ila huo ushukaji wa mtaji unambeba hata meneja aliyelala. Mitambo ikizeeka vitabuni, marejesho yanapanda yenyewe bila kazi yoyote.

HesabuNdefu:
Kweli, na faida baki nayo inapanda hivyo hivyo. Ndiyo maana bonasi ilinganishwe na bajeti ya mradi ya mwaka husika, siyo na mwaka uliopita. Bajeti ikisema hasi 16 na yeye akaleta hasi 5, amefanya kazi.

Stoo_Mikindani:
Bodi gani italipa bonasi kwenye hasi? Na meneja akihamishwa baada ya miaka miwili, zile 86.4 anazikuta mwingine.

MtotoWaShangani:
Mkataba wake ni wa miaka mitatu. Kwa jedwali lako HesabuNdefu, ndani ya mkataba anapata hasi 16, 9.6 na 35.2. Nitapeleka jedwali zima, na suala la bonasi ya mwaka wa kwanza naliweka kama swali kwa bodi. Mwenye mfano wa kampuni iliyolipa bonasi kwenye faida baki hasi auweke hapa.