Ushauri: niwaongeze alama kundi moja kwenye mtihani wa kusikiliza?

Mgeni wa Chaki: Wadau, habari zenu. Nafundisha Kiswahili kwa wageni watu wazima. Nimetunga mtihani wa kusikiliza, maswali 20. Waliokulia kwenye maandishi ya Kiarabu wana wastani wa 11, wenzao 15. Darasani naona wanasikia sawasawa tu. Nafikiria kuwaongeza alama 3 kila mmoja. Nisaidieni, matokeo yanasubiriwa.

Babu Risala: Ongeza, kijana. Hilo pengo lenyewe ni ushahidi kwamba mtihani unapendelea.

Kalamu Nyekundu: Babu, hapo umefika nusu njia. Wastani ukitofautiana, huenda mtihani una kasoro, huenda pia kundi moja kweli linasikia kidogo. Mwalimu, wanajibuje? Wanachagua au wanaandika?

Mama Sauti: Mimi mtihani wa kuzungumza niliwekwa na mwenzangu anayeongea kama redio. Nilipata nafasi ya kusema "ndiyo" na "kweli kabisa". Hadi leo nikikumbuka nachemka.

Mgeni wa Chaki: Pole dada. Kalamu, 12 ni ya kuchagua, 8 ni ya kujaza nafasi.

Kalamu Nyekundu: Na tahajia ikikosewa?

Mgeni wa Chaki: Sifuri. Lakini hata IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kwenye kusikiliza wanakata kwa tahajia, kwa hiyo sioni kosa langu liko wapi.

Kalamu Nyekundu: Hilo ungelisema mwanzo. IELTS wanakata kweli, ila mtahiniwa anaambiwa mapema. TOEFL, ule mwingine wa Kiingereza, kwenye kusikiliza mtu anachagua jibu tu. Wewe uliwaambia? Hebu tupe swali moja na majibu yao.

Mgeni wa Chaki: Sikuwaambia, nilidhani inajulikana. Kinasa sauti kinasema mkutano umesogezwa hadi Alhamisi. Swali: "Mkutano utafanyika siku ya ____." Mmoja kaandika "alhmisi", mwingine "alhamsi", mwingine kaacha wazi. Wote sifuri.

Kalamu Nyekundu: Basi tatizo ni hilo. Aliyeandika "alhmisi" siku ameisikia. Katika maandishi aliyoyazoea, irabu fupi kwa kawaida haziandikwi. Ulichopima hapo ni mkono, si sikio. Ukigawa alama 3 kwa kundi zima, aliyeacha wazi anapata zawadi ileile.

Fanya hivi. Yale 12 ya kuchagua yawe kipimo chako. Chukua waliopata 9 au 10 kati ya hayo, kutoka makundi yote mawili, kisha tazama walivyofanya kwenye yale 8. Hao wanasikia karibu sawa, kwa hiyo wakiachana sana kwenye kujaza nafasi, lawama ni ya namna ya kujibu.

Kipepeo: Na wale wenye haraka kama mimi tunaochagua "C" mfululizo?

Mgeni wa Chaki: Nimerudi. Waliofaa ni sita kila upande. Wa maandishi ya Kiarabu wana wastani wa 3 kati ya 8, wenzao 6.

Kalamu Nyekundu: Sasa andika kanuni KABLA ya kusahihisha upya: jibu likisomwa kwa sauti likatambulika kuwa ndilo neno lenyewe, na haligeuki neno jingine, lipate alama. Karatasi zote, makundi yote, majina yafunikwe. Mwalimu mwingine asahihishe peke yake, kisha mlinganishe.

Jicho Kali: Samahani, mimi naona tunachezewa. Akaunti ya leo, wastani hauna hata desimali, na sita kwa sita! Huyu ni mwanafunzi aliyefeli anatafuta hoja za rufaa.

Babu Risala: Hata mimi nilishangaa mwalimu gani anaomba ruhusa ya kuongeza alama.

Mama Sauti: Akiwa mwanafunzi ndiyo hana haki ya kuuliza? Mimi ningekata rufaa ile siku!

Mgeni wa Chaki: Jicho Kali, desimali niliziondoa msisome hesabu ndefu. Nimesahihisha upya na mwenzangu: wa maandishi ya Kiarabu wamefika 5, wenzao wamebaki 6. Majibu mawili tumebishana, "saba" iliyoandikwa "sba" na "sita" iliyoandikwa "sta".

Kalamu Nyekundu: Watu sita ni wachache, hiyo alama moja iliyobaki usiijengee hoja. Huenda ni bahati, huenda ni muda. Kati ya swali na swali uliwapa sekunde ngapi?

Mgeni wa Chaki: Tano.

Kalamu Nyekundu: Kwa mtu anayeandika kwa herufi asizozizoea ni chache. Ukirudia mtihani, wape kumi, au majibu ya siku na saa wayazungushie kwenye kalenda na saa zilizochorwa.

Mgeni wa Chaki: Kuna jambo sijasema. Zile alama 3 nilishaziingiza na mkuu wa kozi ameziona. Nikizitoa nitaonekana kigeugeu. Na kuna mmoja alifaulu kwa hizo tu, ndiye aliyeacha wazi.

Jicho Kali: Nilisema mimi.

Kalamu Nyekundu: Mpelekee mkuu karatasi mbili, ya "alhmisi" na ile iliyoachwa wazi, aone mwenyewe. Huyo mmoja mfanyie mahojiano mafupi ya kusikiliza, ajibu kwa mdomo.

Babu Risala: Akijibu vibaya je?