Video ya kumbukumbu ya shosho: wimbo ndio uongoze picha ama sauti za watu ndio ziongoze? (ulinganisho)

mjukuu_kayole
Hamjambo wadau. Shosho yetu alituacha mwaka jana na sasa tunafanya ukumbusho wa mwaka mmoja nyumbani Murang'a, imebaki wiki tatu, ibada itakua kwa tenti uani. Mimi ndio nimepewa kazi ya video. Niko na picha 43, ya zamani kabisa ni kale kapicha kadogo ka pasipoti akiwa msichana, halafu niko na jumbe 11 za sauti za WhatsApp kutoka kwa wajomba na maanti, na kuna rekodi moja ya shosho mwenyewe akichagua maharagwe huku anaongea, dakika 2 hivi, niliichukua kwa simu 2019 bila hata kumwambia.

Nimetengeneza mbili kwa CapCut. Ya kwanza nimeweka wimbo wa kwaya ya kanisa lake wa dakika 4 na sekunde 12, nikagawanya picha zote sawa, kila moja karibu sekunde 6, halafu sauti za watu juu yake. Inatiririka vizuri lakini anti akianza kusimulia venye shosho alikua anaenda mtoni na mtungi saa kumi za asubuhi, kwaya nayo inaimba, husikii mmoja wao. Ya pili nimepanga sauti kwanza, ni dakika 9, picha zinafuata, mziki mahali pengine hakuna. Hiyo inanishika roho lakini katikati inakua nzito, nilionyesha dadangu akaanza kuangalia simu.

Ya tatu ni kupeana kwa studio, kuna moja pale tao wameniambia 15,000. Nyinyi mngefuata ipi?

mzee_wa_timeline
Pole sana kwa familia. Mimi naediti video za mazishi na ukumbusho huu mwaka wa tisa. Sauti ziongoze, sina shaka hapo. Shida ya yako ya pili ni kwamba hujakata sauti, umezipanga tu moja baada ya nyingine.

Fanya hivi. Toa picha zote kwa timeline, bakisha sauti peke yake, vaa earphone ufunge macho. Kila mtu akiongea kuna pale anajitambulisha, anatoa pole, anazunguka, halafu ghafla anafika kwa kitu. Huyo anti wako pengine alianza kwa "mimi ni nani, mama alikua mtu wa watu" na mtungi ukakuja baadaye. Bakisha mtungi. Lakini usimkate pumzi. Akinyamaza kidogo kabla ya kusema neno gumu, hicho kimya kiache hapo, ukikitoa atasikika kama anasoma taarifa. Jumbe 11 zikifika dakika 4 au 5 umefika.

Ndio sasa urudishe picha, na usizigawanye sawa, hapo ndipo wengi hupotelea. Chukua picha ya kundi, tuseme ya harusi yenye watu 14, uiangalie ukitaja kila mtu kwa sauti ya chini, "huyu ni mjomba, huyu ni nani sasa, huyu ni mama". Muda umetumia ndio muda watu kwa tenti watahitaji, pengine sekunde 14 au 15. Picha ya uso mmoja inatosha na sekunde 7. Wakipewa 6 zote, ile ya kundi itapita kabla mtu ampate mamake, na minong'ono itaanza.

Na picha isiingie pale pale neno linatajwa. Akisema mtungi, usirushe picha ya mto. Acha amalize sentensi, ngoja kidogo, ndio uso wa shosho uingie.

dj_rongai
Mimi naona mnaifanya ngumu bure. Watu wakija kwa ukumbusho hawataki kulia tena, weka mziki mtamu, picha sekunde 3 3, dakika 2 hivi imeisha watu waende kula. Kuhusu ubora, skani picha zote kwa 1200 dpi, na hizo sauti za WhatsApp ziweke Audacity ubonyeze Noise Reduction mpaka kelele iishe kabisa, zitakua safi.

mzee_wa_timeline
Kaka hapo kwa 1200 uko sawa kwa ile ya pasipoti peke yake. Kapicha ka milimita 35 kwa 45 ukikaskani kwa 300 unapata kama pikseli 413 kwa 531, na skrini ya TV ya kawaida ni 1920 kwa 1080, kwa hivyo uso utakua ukungu. Kwa 1200 unapata zaidi ya 1650 kwa 2100, hapo unaweza hata kumsogeza karibu. Lakini picha za kawaida za albamu, 600 inatosha, zaidi ya hapo unabeba tu faili kubwa na vumbi.

Kwa kelele, hapana, usitoe yote. Ukizidisha, sauti ya mtu inakua kama anaongea ndani ya pipa la maji na herufi s zinapotea. Chagua kipande ambacho mtu hajaongea, bonyeza `Get Noise Profile`, halafu punguza desibeli 6 mpaka 9 hivi. Matatu ikisikika kwa mbali haidhuru mtu. Na ile rekodi ya shosho na maharagwe usiiguse kabisa, ule mlio wa maharagwe yakianguka kwa sufuria ni yeye pia.

bint_majengo
Poleni. Sisi tulifanya ya bibi yetu hapa Pumwani mwaka juzi na wazee walisema hawataki mziki wowote, na picha hawakutaka zionyeshwe kwenye khitma. Kwa hivyo tulibaki na sauti tupu, watu saba wanamsimulia, tukagawia familia kwa simu. Nilidhani itakua kavu. Lakini kuna mahali kakangu alisema "alikua akinifunika shuka akidhani nimelala", halafu tuliacha kimya kama sekunde nne hakuna chochote. Mpaka leo mamangu akifika hapo anasimamisha anakaa. Kwa hivyo hata ukiweka mziki usijaze kila tundu.

Swali langu, familia yenu yote inakubali sauti ya shosho mwenyewe ichezwe mbele ya watu? Maana mtu anaweza kushtuka vibaya.

mjukuu_kayole
@bint_majengo hilo sikuwa nimewaza. Nimempigia mama jioni hii, alinyamaza simu nzima nikadhani imekata. Akasema anataka kuiskiza kwanza akiwa peke yake. Nimemtumia.

njeri_wa_albamu
Mambo, mimi sijui kuediti lakini nilihangaika sana na picha kwa hivyo nisaidie hapo. Kama albamu yenu ni zile za karatasi yenye gundi na plastiki juu, usivute picha ikikataa. Mimi nilivuta moja ya babu ya mwaka 1976 uso ukabaki kwa gundi, hatuna nyingine. Ipige hapo hapo ikiwa imeshikana, inua plastiki tu, karibu na dirisha lakini jua lisipige moja kwa moja, flashi uzime, simu iwe sambamba na picha. Ile app ya PhotoScan nayo inasaidia kutoa mng'ao. Na wajomba wakikutumia picha kwa WhatsApp waambie watume kama Document, la sivyo zinafika zimebanwa.

Lakini studio si ingekuokolea hii yote? 15,000 kwa wiki tatu mimi ningelipa.

mzee_wa_timeline
Nafanya kazi hiyo na bado namwambia asilipe ya kuediti. Mtu wa studio hajui kama yule wa kushoto kwa picha ya harusi ni dada ya shosho ama ni jirani, na hajui ni sentensi gani ya mjomba ilikua ya kweli na gani alikua anajaza. Alipe skani tu ya zile ndogo na zilizochakaa. Kuediti simu yake inatosha.

Kwa mziki sasa. Wimbo wenye maneno usikae chini ya mtu anayeongea, sikio haliwezi kufuata maneno mawili. Tafuta mtu wa kanisa apige ule ule wimbo kwa gitaa au kinanda bila kuimba, urekodi chumbani ukiwa umefunga pazia. Mtu akiongea, volumu ya mziki iwe 10 hivi kwa 100, akinyamaza ipande taratibu kwa sekunde 2 au 3, isiruke. Jinsi ya kujua umeweza ni kuweka simu mezani, uende chumba kingine mlango wazi, na kama kuna neno limekupita, punguza mziki. Kwa tenti kuna jenereta na watoto, itakua mbaya kushinda hapo. Kwaya yenyewe iweke mwisho, watu wote wakishaongea, hapo iache iimbe.

Kitu kingine, mchana ndani ya tenti nyeupe projekta haionekani, hizo picha nyeusi na nyeupe zitakua kijivu tupu. Kodisha TV kubwa mbili uweke pande mbili, uzigeuze mgongo kwa jua.

dj_rongai
Hiyo ya projekta ni kweli, ilinipata Thika. Lakini nasema dakika 6 ndio mwisho.

mjukuu_kayole
Nimerudi. Wiki moja nimekata tu sauti. Anti alikua na dakika 1 na sekunde 50, imebaki sekunde 38, mtoni, mtungi, na pale anasema "alikua akirudi mgongo umelowa, anatuamsha kwa mkono baridi". Picha zimekua 31 kutoka 43, zote ni dakika 6 kasoro kidogo. Ile ya harusi nimehesabu watu nikitaja, nikatumia sekunde 16, nimeiacha hivyo. Organisti wa kanisa amekubali kunipigia Jumapili baada ya ibada ya pili. Dadangu ameangalia mpaka mwisho.

Kitu kimenibakia ni sauti ya shosho. Mama ameskiza, anasema icheze, lakini mjomba mkubwa anataka ikue mwanzo kabisa ili watu wajue ni yeye anawakaribisha, mama anataka mwisho. Mimi nilikua nataka katikati, baada ya mtungi.

mzee_wa_timeline
Mwanzo hapana, watu bado wanatafuta viti na utaipoteza. Mimi ningeweka mwisho, skrini nyeusi, maharagwe yaanze kusikika kabla hajaongea, halafu ndio kwaya.

bint_majengo
Mimi niko na mjukuu, katikati. Ikiwa mwisho watu wataondoka wakilia na hakuna wa kuwashika, ikiwa katikati kuna mtu mwingine anaongea baada yake.

mjukuu_kayole
Nitapeleka zote mbili nyumbani Jumamosi, mama na mjomba wakae waangalie pamoja.