Naomba ushauri: x = 3cosh t inanikwamisha x ikiwa hasi

Shikamooni walimu, habari zenu wenzangu. Niko kidato cha sita hapa Mbeya, najisomea intigresheni kwa fanksheni za haipaboliki.

∫√(x² + 9) dx haikunisumbua. Niliweka x = 3sinh t, mzizi ukawa 3cosh t, njia fupi kuliko ya tan ambayo huniachia sec³.

Nimekwama kwenye ∫dx/√(x² − 9) kutoka −5 hadi −4. Nikiweka x = 3cosh t napata arcosh(x/3), lakini kikokotozi kinakataa −4/3, maana cosh haishuki chini ya 1. Nikajaribu x = −3cosh t, t ikiwa chanya. Hapo dx = −3sinh t dt, jibu likawa −arcosh(−x/3), yaani arcosh(5/3) − arcosh(4/3), karibu 0.303. ln|x + √(x² − 9)| nayo inatoa hiyo hiyo, kwa hiyo nadhani niko sahihi.

Naomba kujua: kwenye mtihani niandike sababu ya kuchagua −3cosh t, au inatosha kutumia ulinganifu na kuhesabu kutoka 4 hadi 5? Na kama mipaka haijatolewa, nijibu kwa arcosh au kwa ln yenye alama ya thamani kamili?